Rejesta ya vihatarishi: sentensi moja au safu nne?

Mwanamiradi: Wakuu, Ijumaa rejesta yangu inaenda kwenye kamati. Nina violezo viwili. Cha kwanza kinataka sentensi moja, "kwa sababu ya... huenda... na hivyo...", kisha mmiliki na hatua. Cha pili kina safu nne: chanzo, athari, mmiliki, hatua. Nichukue kipi?

fundi_mifumo: Mradi wa nini? Weka mfano, la sivyo tutapiga ramli tu.

Mwanamiradi: Tunahamishia mishahara kwenye mfumo mpya. Mfano: "Chanzo: huenda data ni mbovu. Athari: mradi kuchelewa. Mmiliki: timu. Hatua: kufuatilia kwa karibu."

fundi_mifumo: Safu nne. Unachuja kwa mmiliki mara moja, sentensi huwezi kuichuja.

Bi_Ukaguzi: Ndugu, hicho hakitaponywa na kiolezo. Chanzo ni jambo ambalo tayari lipo. Ukilazimika kuweka "huenda" kwenye chanzo, hicho ni kihatarishi kingine. Data ina ubovu gani?

Mwanamiradi: Namba za wafanyakazi kwenye faili la utumishi na la uhasibu hazilingani.

Bi_Ukaguzi: Sasa tunaongea. "Kwa sababu namba za utumishi na za uhasibu hazilingani, huenda mfumo mpya ukakataa baadhi ya rekodi siku ya kuhamisha, na hivyo wahusika wakakosa mshahara wa mwezi wa kwanza." Mmiliki: mkuu wa utumishi. Hatua ya kupunguza chanzo: namba zisawazishwe kabla ya uhamishaji wa majaribio. Hatua ya akiba kwa upande wa athari: rekodi zikikataliwa kwenye jaribio la mwisho, mwezi huo walipwe kwa mfumo wa zamani. "Kufuatilia kwa karibu" hakugusi chanzo wala athari. Sentensi inakulazimisha kuona hilo. Safu zinajazwa hata na anayesinzia.

mzee_kazi: Mimi naandika meneja wa mradi kila mstari. Angalau kuna mtu mmoja wa kuulizwa.

Bi_Ukaguzi: Mtu mmoja, sawa kabisa, mzee. Ila meneja ana mamlaka gani ya kuwaagiza watu wa utumishi wasafishe namba zao?

Tulizana: Afadhali huyo meneja. Kwetu mmiliki aliandikwa "Idara ya Ununuzi", kihatarishi kikiwa seva kuchelewa. Kila kikao jibu lilikuwa "inafuatiliwa", mstari ukabaki kijani. Wiki ya kufunga mitambo ndipo ikajulikana oda haijatumwa. Ununuzi walikuwa wanasubiri vipimo kutoka kwetu, sisi tunasubiri seva kutoka kwao. Kwenye karatasi kulikuwa na mmiliki, lakini hakuna mtu aliyejua ni yeye.

fundi_mifumo: Rangi ndizo zilizowaponza. Wekeni alama, uwezekano mara athari, 1 hadi 5.

Tulizana: Alama nazo angezibadilisha nani?

mzee_kazi: 5 mara 1 na 1 mara 5 zote ni 5. Ndiyo maana sizipendi.

fundi_mifumo: Basi athari ipewe uzito zaidi. Nina fomula, nitaiweka.

Mwanamiradi: Kabla ya fomula: mkuu wa utumishi amekataa jina lake liandikwe, anasema mradi si wake. Niache wazi?

Bi_Ukaguzi: Usiache wazi. Mdhamini wa mradi anakaa kwenye hiyo kamati?

Mwanamiradi: Anakaa, ila huwa anatuma mwakilishi.