Tupeane uzoefu: maiki ya XLR, saundikadi na kitufe cha 48V (wa Mtwara na Lindi karibuni)

Mwanzisha uzi, Lindi mjini
Wakuu, habari za leo. Narekodi kaswida na mahojiano, nina laptopu na saundikadi ya USB yenye tundu mbili za XLR. Tuambizane: maiki mnachomekaje, 48V mnawasha saa ngapi, na GAIN mnaiweka wapi? Huku kwetu maiki nyingi ni za kuazimana, na mwenyewe akija kuichukua anatakiwa aikute nzima.

Naanza mimi. Yangu ni kondensa, bila 48V haitoi sauti. Nashusha GAIN mpaka chini, nazima spika na hedifoni, ndipo nachomeka kebo pande zote mbili. Kisha nabonyeza 48V, natulia sekunde kama kumi, halafu GAIN inapanda polepole. Kuzima ni kinyume chake: GAIN chini, 48V zima, subiri kidogo, chomoa. Ule mshindo wa mtu kuchomoa kebo huku 48V inawaka unaumiza spika, na masikio ya aliyevaa hedifoni pia.

GAIN ndiyo inayotaka subira. Kwenye kaswida kiongozi anaanza taratibu, halafu kundi zima linaitikia. Ukipima kwa kiongozi peke yake, kiitikio kikija taa inakuwa nyekundu. Kwa hiyo nawaomba waimbe kiitikio kwanza, kwa nguvu zao zote. Mita ikifika kati ya -12 na -10 dB pale wanapopaza zaidi, sigusi tena. Kiongozi atasoma kwenye -24 hivi. Ni chini, lakini nikirekodi kwa biti 24 nampandisha baadaye bila shida. Sauti iliyopasuka kwa kugonga 0 hairudi, hata ukiishusha kwenye programu.

Kijana wa Newala
Mkuu, mimi nina dainamiki, sauti inatoka ndogo sana. Jamaa kaniambia nibonyeze 48V ipate nguvu. Nimebonyeza, haijaungua. Kwa hiyo 48V haidhuru maiki yoyote, tusitishane.

Fundi redio, Mikindani
Mdogo wangu, umepatia nusu. Dainamiki haiungui kwa sababu pini ya 2 na ya 3 zinapata umeme sawasawa. Koili iko katikati yao, na pande zote mbili zikiwa sawa hakuna kinachopita ndani yake. Ila hayo yote yanategemea kebo nzima. Juzi nimefungua kichwa cha kebo iliyochomelewa ovyo: uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye shildi umelala juu ya pini ya 3. Hapo usawa haupo tena, umeme unapita kwenye koili. Dainamiki mara nyingi inavumilia, lakini maiki ya riboni, utepe wake ni mwembamba mno, unaweza kunyooka au kukatika kabisa. Riboni mimi nawasha 48V pale tu kitabu chake kinapoitaka.

Kebo ya kuazima ipime kwanza. Weka maltimita kwenye mlio: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3 ilie. Halafu 1 kwa 2, 1 kwa 3, 2 kwa 3 inyamaze.

Sauti yako ndogo haihusiani na 48V. Dainamiki inataka GAIN kubwa kuliko kondensa, na mdomo uwe karibu, vidole vinne hivi. Anza na kusogea.

Mama wa kwaya, Masasi
Wanangu, maiki yetu isiyo na waya inapiga mluzi kila ikikaribia spika. Hiyo 48V itatusaidia?

Mwanzisha uzi
Shikamoo mama. Hapana, mluzi huo ni sauti ya spika kuirudia maiki. Spika ziwe mbele ya waimbaji, zitazame watu, na sauti ishuke kidogo. Risiva mkiichomeka kwenye XLR, hakikisheni 48V imezimwa.

Mdau wa Shangani, Mtwara
Mimi saundikadi naichomeka kwenye simu. Dainamiki inafanya kazi vizuri. Nikiweka kondensa na kubonyeza 48V, saundikadi yote inazima.

Fundi redio
Simu haitoi umeme wa kutosha kulisha vyote. Weka habu ya USB yenye chaja yake katikati.

Mdau wa Kilwa Masoko
Yangu ni kondensa. Asubuhi za masika inakwaruza kama mafuta ya kukaangia, jua likipanda inaacha.

Fundi redio
Unyevu wa bahari huo, kaka. Ukimaliza kazi ilaze kwenye boksi lenye vipakti vya silika.

Mwanzisha uzi
Mimi nina wasiwasi na kebo, au tundu la saundikadi. Ulibadilisha?

Mdau wa Kilwa Masoko
Kebo nimebadilisha, bado. Ila kondensa ya jirani inalala chumba hichohicho na haikwaruzi. Tundu la pili sijalijaribu, nitalijaribu mvua ikinyesha tena.