Kurejesha orodha ya simu za WhatsApp iliyofutwa: nakala rudufu, kampuni ya simu, au programu za kuokoa data?

MfanyabiasharaKibirizi (Kigoma)
Habari zenu, ndugu. Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, mchana, nilizungumza kwa WhatsApp na mteja wangu aliyeko Kalemie, tukakubaliana bei ya magunia ya dagaa. Sasa anasema hatukuwahi kuzungumza siku hiyo. Ijumaa tarehe 17 jioni kijana wangu wa dukani alifuta orodha yote ya simu akidhani anapunguza mzigo wa simu. Leo ni Jumapili, tarehe 19. Simu yangu ni ya Android. Nimeambiwa kuna njia tatu: nakala rudufu, kwenda kwenye kampuni ya laini yangu, au kupakua programu ya kuokoa vitu vilivyofutwa. Ipi inafaa? Na mazungumzo yenyewe yanaweza kupatikana?

Mzee_wa_Ujiji
Kijana, usihangaike na mitambo. Nenda kwenye ofisi ya mtandao wako na kitambulisho, uombe orodha ya simu zako. Wao wana kila kitu, pamoja na muda na namba iliyopigiwa.

FundiMwanga
Shikamoo mzee. Ulilosema ni kweli kwa simu za kawaida, kwa sababu mtambo wa kampuni ndio unaoziunganisha na kuzitoza, na kwa hiyo kila moja huandikwa. Simu ya WhatsApp hupita ndani ya bando. Kinachobaki kwenye kumbukumbu za kampuni ni matumizi ya data tu, na namba ya Kalemie haionekani humo. Njia hiyo tuiache.

Kuhusu sauti, jibu ni fupi: haipo. Tangu mwaka 2016 simu za WhatsApp hufungwa kwa usimbaji kati ya simu mbili zinazozungumza, na programu hairekodi maneno. Kisichorekodiwa hakirejeshwi, hata ulipe kiasi gani. Kilichohifadhiwa ni maelezo ya simu: nani alipiga, saa ngapi, sauti au video, na ilidumu sekunde ngapi.

Maelezo hayo yamo katika hifadhidata iitwayo `msgstore.db`, ile ile inayobeba ujumbe, katika jedwali la `call_log`. Kwa kawaida, saa nane usiku, WhatsApp hutengeneza nakala yake iliyofungwa na kuiweka kwenye simu yako katika folda hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Humo utakuta faili la karibuni na mengine yenye tarehe, ya takribani siku saba zilizopita. Orodha ilifutwa tarehe 17 jioni, kwa hiyo nakala ya usiku wa kuamkia tarehe 17 bado ina simu ya tarehe 14, lakini ya tarehe 18 haina. Faili hilo litasukumwa nje kabla ya wiki kwisha, kwa hiyo usikawie.

MamaZ_Tabora
Mimi niliwahi kurejesha sauti zangu, mbona mnasema haiwezekani? Nilizikuta kwenye folda ya WhatsApp Voice Notes, zote zikiwa zimepangwa kwa wiki.

FundiMwanga
Dada, hizo ni sauti ulizotumiwa au ulizotuma kwa kubonyeza kipaza sauti. Kila moja ni faili lenye jina linaloanza na PTT na kuishia na `.opus`, na ndiyo maana ulizipata. Simu ya moja kwa moja haiachi faili kama hilo.

MfanyabiasharaKibirizi
Nimelikuta faili lenye tarehe ya 17: `msgstore-2025-10-17.1.db.crypt14`. Nifute WhatsApp niirudishe sasa?

FundiMwanga
Hapana, bado. Kwanza nakili folda nzima ya Databases kwenye kompyuta, kwa sababu kwenye baadhi ya simu folda hiyo huondoka pamoja na programu. Pili, tengeneza nakala mpya ya leo kupitia mipangilio ya soga, nayo uinakili, ili baadaye uweze kurudi kwenye ujumbe wa tarehe 17 hadi leo, ambao hautakuwemo katika nakala ya zamani.

Baada ya hapo ondoa programu, uiweke upya, lakini kabla ya kuifungua rudisha folda mahali pake ikiwa na faili la tarehe 17 lililopewa jina `msgstore.db.crypt14`. Ile namba 14 ya mwishoni usiibadilishe. Thibitisha namba yako ile ile. Programu ikiomba kutafuta nakala kwenye akaunti ya Google, kataa. Huko huhifadhiwa nakala moja tu, ya mwisho, na yako imeshaandikwa upya baada ya kufuta. Wengi hupotelea hapa: wanakubali haraka, kisha wanashangaa kwamba orodha ni tupu vile vile. Kabla ya kubonyeza kurejesha, soma tarehe ya nakala inayooneshwa kwenye kioo.

Kompyuta_na_Simu
Kwa nini asitumie programu ya kuokoa data? Vitu vilivyofutwa hubaki kwenye kumbukumbu mpaka viandikwe juu.

FundiMwanga
Kwa hifadhidata unayoweza kuifikia, una haki. Lakini hifadhidata hai ya WhatsApp imo kwenye eneo la ndani la programu, ambalo programu nyingine haziruhusiwi kulisoma bila kufungua mamlaka ya juu ya simu, na kwenye simu nyingi hatua ya kuyafungua hufuta kila kitu. Zile zinazotangazwa mtandaoni huleta picha za zamani, kisha zinadai malipo.

Msafiri_wa_Reli
Ndiyo maana mimi nilihamia Telegram. Nilipobadilisha simu, niliingia kwa namba yangu na orodha ya simu ikarudi yenyewe.

FundiMwanga
Ni kweli, kwa sababu huko simu huandikwa kama tukio ndani ya mazungumzo na kukaa kwenye akaunti. Hata hivyo sauti haihifadhiwi huko pia, na mwenzako akifuta kwa pande zote mbili, kwako nako hutoweka. Kwa mgogoro wa biashara, hilo si jambo dogo.

MfanyabiasharaKibirizi
Imerudi. Tarehe 14 inaonesha nilipiga saa 13:52, dakika 11 na sekunde 40. Lakini mteja amenitumia picha ya orodha yake, ina simu ya saa 12:52, naye anasema hiyo ni nyingine kabisa.

FundiMwanga
Ni hiyo hiyo. Kalemie iko nyuma yetu kwa saa moja, na kila simu huonesha saa ya mahali ilipo. Linganisha muda wa mazungumzo; ukilingana, hoja yake imekwisha.

Karani_wa_Baraza
Niongeze kidogo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaangalia jinsi rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa. Picha ya kioo pekee hubishiwa kirahisi. Tunza lile faili la tarehe 17 kama lilivyo, bila kuligusa, na simu yenyewe iwepo siku ya shauri. Pia kumbuka kwamba dakika 11 zinathibitisha mlizungumza, hazithibitishi bei.

MfanyabiasharaKibirizi
Bei nilimwandikia kesho yake kwa ujumbe, akajibu "sawa". Ujumbe huo umo katika nakala hii hii.

Mzee_wa_Ujiji
Hata hivyo mimi ningeenda kwenye kampuni. Bando lililotumika saa hiyo si lingeonesha kitu?

Karani_wa_Baraza
Lingeonesha kwamba mtandao ulitumika, mzee. Kama baraza litalipa hilo uzito wowote, hapo sina jibu la uhakika.