Tahadhari: ile kazi ya "msaidizi wa profesa" ya $450 kwa wiki

Rukia (Dallas):
Ndugu zangu, salaam. Kuna tangazo linawazungukia wanafunzi wetu tangu juzi: msaidizi wa profesa, kazi ya nyumbani, saa chache, $450 kwa wiki. Nimekaa dirishani benki miaka mingi, na hundi za namna hii nimeziona.

Jina la profesa ni la kweli, yumo kwenye tovuti ya chuo. Hata barua pepe ya kwanza inaweza kutoka kwenye anwani ya .edu, maana huwa wameiteka akaunti ya mwanafunzi mwingine. Angalieni mnaambiwa mjibu wapi: Gmail, kisha mhamie kwenye meseji za simu. Usaili hakuna, sauti ya mtu husikii, na kazi umeshapata.

Kijana wetu mmoja alitumiwa picha ya hundi ya $2,850. Aichapishe mbele na nyuma, aiweke kwa simu, abaki na $450 zake za wiki ya kwanza, halafu $2,400 amtumie "muuza vifaa" kwa Zelle siku hiyo hiyo zitakapoingia. Yeye alikuwa na $600 zake. Salio likasoma $3,450, akatuma, zikabaki $1,050. Wiki iliyofuata hundi ikarudi, benki ikachukua $2,850 yake yote. Sasa kijana anadaiwa $1,800.

Kilichomponza ni lile salio. Sheria inaitaka benki ikuachie pesa ndani ya siku chache, lakini hiyo si kusema hundi imelipwa. Benki iliyoandikwa kwenye hundi inaweza kuikataa baadaye sana. Na mwajiri gani akupe pesa za vifaa upitishe kwenye akaunti yako wewe, mtu asiyekujua? Chuo hununua vifaa vyake chenyewe.

Juma (Houston):
Asante dada Rukia. Njia rahisi ni zile tarakimu 9 za chini ya hundi. Zitafute mtandaoni, likitokea jina la benki ya kweli, hundi ni halali.

Rukia:
Kaka Juma, hapo nusu. Tarakimu zikitofautiana na jina la benki, feki. Lakini zikilingana bado hujajua kitu, kwa sababu wanaiba namba za akaunti ya kampuni ya kweli. Ile ya kijana ilikuwa na jina la kampuni ya mabomba ya jimbo lingine kabisa. Profesa wa biolojia na mafundi bomba wapi na wapi? Mwenye shaka aipigie benki iliyotoa hundi, na namba ya simu aitoe kwenye tovuti ya benki hiyo, asiitoe kwenye hundi.

Otieno (Arlington):
Habari dada. Hiyo nafasi bado ipo? Mke wangu anatafuta kazi ya kufanyia nyumbani.

Juma:
Otieno, soma kuanzia juu bwana 😂

Salma (Fort Worth):
Mimi nyumba ya wazee wameniomba namba ya Social Security. Nao matapeli?

Rukia:
Umeshakutana nao, mdogo wangu? Mwajiri halali ataihitaji kwa ajili ya kodi, ila akishakuajiri. Kama hata usaili hujafanya, usiitoe kwanza.

Salma:
Usaili ulikuwa wa video, dakika kumi hivi. Jengo lao nimeliona kwenye ramani tu.

Rukia:
Basi nenda kalione, ukaulize mapokezi kama huyo aliyekuhoji wanamjua.

Baraka (Denton):
Shikamoo mama Rukia. Mimi hundi nimeiweka jana, pesa sijatuma. Leo wananitumia meseji kila saa, wanasema wataniripoti polisi kwa wizi. Nimeshawapa na picha ya pasipoti.

Rukia:
Marahaba mwanangu. Usitume hata senti, hata salio likipanda. Usiwajibu tena, lakini meseji usizifute. Nenda tawini mwenyewe na picha ya hundi, waambie unadhani ni ya bandia kabla haijarudi. Ukisubiri wagundue wao, wanaweza kuifunga akaunti na kukuripoti ChexSystems, ambako benki huangalia historia ya mteja, na huko kumbukumbu hukaa miaka 5. Kufungua akaunti nyingine kunakuwa shida. Kisha toa taarifa reportfraud.ftc.gov.

Mwalimu Kessy (Denton):
Baraka, uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1? Kazi ya nje ya kampasi inataka kibali, na tangazo lile halikugusia jambo hilo hata kidogo. Profesa wa kweli angekupeleka ofisi ya ajira ya chuo ukajaze fomu ya I-9. Ukitoka benki, pitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni uwaambie yote, na la pasipoti pia.

Baraka:
Ndiyo mwalimu, F-1. Naogopa wakisikia habari ya kazi itakuwa kesi nyingine.

Mwalimu Kessy:
Hujafanya kazi wala hujalipwa. Nipigie jioni, tutakwenda wote.