Barua kuhusu wajukuu wa Hamburg: tuwabane wazazi wao au tuwaache?

Bibi wa Chang'ombe, Dodoma: Binti yangu na mumewe wanaishi Hamburg, wana watoto wawili, mmoja miaka 7, mwingine 4. Nikipiga simu yule mkubwa ananielewa, ila anajibu Kijerumani. Nataka kuwaandikia barua wakazanie Kiswahili nyumbani. Mzee wangu anasema tusiwaingilie. Mnasemaje?

Fundi wa Kongwa: Shikamoo mama. Andika, tena kwa ukali. Kijerumani kibaki mlangoni pamoja na viatu. Mtoto akiomba maji kwa Kijerumani, asipewe. Lugha mbili kwa mpigo zinamchanganya mtoto, mwisho hashiki hata moja.

Wa Mpwapwa, niko Ujerumani: Kaka, kumnyima mtoto maji? Mimi natoka zamu saa nne usiku, mwanangu keshalala. Asubuhi tuna dakika arobaini: amka, oga, vaa, kula, harakisha. Hayo yote nayasema kwa Kiswahili na bado hanijibu kwa Kiswahili. Msifikiri tumeidharau lugha.

Mwalimu mstaafu, Chamwino: Mdogo wangu, hapo umegusa penyewe. Amka, oga, vaa, kula, zote ni amri. Amri haidai jibu la mdomo: mtoto anavaa, anakula, yamekwisha. Ndiyo maana anaelewa na hasemi.

Mama, mpime mjukuu hivi. Usimwulize "umekula?" Mwambie akusimulie jana shuleni kulitokea nini. Akikwama kwenye sentensi ya pili, ujue anachokosa ni ule mnyororo wa masimulizi: akaenda, akamkuta, akamwambia. Hiyo "ka" haimo kwenye amri za asubuhi. Mtoto huisikia mtu anaposimulia, na huko ugenini hakuna barazani wala jikoni kwa shangazi pa kuisikilizia.

Basi chukua ngano moja, ya sungura na fisi, uirudie wiki tatu mfululizo. Wiki ya kwanza mtoto ana kazi moja tu: ukisema "Paukwa!" aitikie "Pakawa!" Wiki ya pili mwachie maneno ya fisi, sentensi moja fupi inayojirudia, na muiimbe, maana kinachoimbwa hakibadiliki maneno. Wiki ya tatu kosea kwa makusudi: fisi aliyeingia kisimani, wewe sema alipanda mti. Mtoto atakukatiza. Nilikuwa nawafanyia hivyo darasa la kwanza, watoto waliokuja shule na Kigogo kitupu, na waliokuwa wamefunga mdomo mwezi mzima walikuwa wa kwanza kupiga kelele "Hapana mwalimu, kisimani!"

Akisema "kikombe yangu iko wapi", usimsimamishe. Mjibu tu, "Kikombe chako? Kiko mezani." Atakuwa amelisikia lililo sahihi bila kuaibishwa.

Fundi, una nusu ya haki. Mtoto anahitaji mahali ambapo Kiswahili hakina mbadala. Lakini mama yake akijifanya hamwelewi, mtoto anajua ni maigizo. Bibi hajui Kijerumani kwelikweli, kwa hiyo mahali penyewe ni yeye. Na kuchanganya maneno si kuchanganyikiwa. Wanafunzi wangu walitia Kigogo na Kiswahili katika sentensi moja, kisha wakazitenganisha wenyewe.

Fundi wa Kongwa: Nimekuelewa mwalimu, ila bila ukali kidogo mtoto atachagua njia nyepesi.

Mama wa Bahi: Mnahangaikia Ulaya! Wanangu wako Dar es Salaam tu hapo, na watoto wao hawajui neno la Kigogo. Mama yangu Kiswahili kinampa tabu, wajukuu wanakaa naye kama wageni, wanatazamana. Mimi nani ataniandikia barua?

Mwalimu mstaafu, Chamwino: Dada, hilo linaniuma, maana sisi walimu tulichangia. Tuliwakataza Kigogo darasani. Sina jibu la haraka.

Wa Mpwapwa, niko Ujerumani: Mwalimu, na huyu wa miaka 4? Wangu huyo hakai kwenye simu dakika tano.

Mwalimu mstaafu, Chamwino: Usimng'ang'anize. Mpe kuitikia "Pakawa" na kuimba, kisha mwache akacheze hapohapo karibu. Masikio yapo.

Bibi wa Chang'ombe, Dodoma: Marahaba wanangu, asanteni. Mzee wangu amenisikiliza nikimsomea haya, akanyamaza, kisha akaniletea kalamu. Nimeandika hivi:

"Mwanangu, sikulaumu. Naomba Jumamosi moja kwa wiki, saa 10 jioni ya huku, kwenu saa 8 mchana. Mkisogeza saa zenu mwezi wa tatu itakuwa saa 9. Nipe robo saa na watoto, nawe kaa pembeni, usiwatafsirie. Akitamka vibaya asichekwe, hata na wajomba. Siku nyingine, usiku unapowalaza, acha amri, wasimulie ulivyokwenda sokoni, ulimkuta nani, akakwambia nini. Jumamosi hii naanza na fisi kisimani. Usiwaambie anatokaje."