Kikundi cha familia: kadi ya benki ya marehemu na karafuu za Wete

Khamis: Assalamu alaykum. Leo ni siku ya tisa tangu Baba atutoke, na kwa kuwa kadi yake ya benki ninayo na namba yake ya siri naijua, nakusudia kutoa shilingi 2,400,000 zilizomo ili tugawane kabla sijarudi Unguja.

Ami Hamad: Waalaykum salaam. Kadi hiyo mwachie mama yako aifungie kabatini, mwanangu. Tangu Baba yako afariki, fedha zile ni za warithi wote, na kila utakachotoa kitaonekana kwenye taarifa ya akaunti kikiwa na tarehe ya baada ya kifo. Anza kwa Sheha, kisha cheti cha kifo, ndipo tufungue mirathi kwa Kadhi. Atakayeteuliwa kuwa msimamizi ndiye atakayekwenda benki.

Suleiman: Msimamizi si anajulikana? Kaka mkubwa ndiye mwenye mamlaka.

Ami Hamad: Kuwa mkubwa kunampa heshima, Suleiman, lakini benki haitamlipa kwa umri wake. Warithi wanaweza kumpendekeza, na hapo umesema kweli.

Dada Maryam: Mimi mume wangu alipofariki niliachwa na watoto watatu, na shemeji zangu waligawana ng'ombe nikiwa bado kwenye eda, wakati deni la duka halijalipwa. Mwenye duka alinifuata mimi.

Ami Hamad: Ndiyo maana deni hutangulia. Mazishi yamegharimu 300,000, alizotoa Khamis mfukoni mwake naye atarejeshewa, na mahari ya Mama iliyobaki ni 180,000, ambayo ni deni kama deni jingine. Kwa kuwa hakuna wasia, kwenye fedha za benki itabaki 1,920,000. Mama apate thumni, yaani 240,000, na 1,680,000 iliyosalia igawanywe mafungu matano: Khamis na Suleiman 672,000 kila mmoja, Maryam 336,000.

Khamis: Na mikarafuu, Ami? Karafuu zimeshaiva, wala hazingoji Kadhi.

Ami Hamad: Zichumwe, kwa sababu zikichanua hazina thamani tena. Lakini andikeni kila siku pishi zilizochumwa na ujira wa wachumaji, muuze ZSTC, na stakabadhi akae nazo Mama. Hesabuni na miti yenyewe mbele ya Sheha, kwani huku Pemba mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine.

Suleiman: Jirani anadai kwamba Baba alimkodisha mikarafuu kumi ya bondeni kwa msimu huu, na kwamba alishampa fedha mkononi.

Ami Hamad: Ana karatasi, au shahidi?

Suleiman: Anasema shahidi alikuwa marehemu Mzee Faki.

Ami Hamad: Basi hiyo kumi isiguswe na yeyote mpaka nifike Jumamosi.

Khamis: Karafuu za bondeni hazifiki Jumamosi, Ami.