Fundi au dada wa ofisini? Nahitaji mtangazaji wa katuni kwa tangazo la kuosha matangi

Matangi_Safi: Habari za jioni, wakuu. Ninaosha matangi ya maji majumbani, na kesho kutwa nitalipia video ya akili mnemba. Nimeandika maelezo mawili. La kwanza: "Dada wa katuni, mchangamfu, katika ofisi ya kisasa." La pili: "Fundi wa katuni kando ya tangi, anapunga mikono akieleza huduma zote." Nichague lipi?

Mhariri_Video: Ndugu, hujatuambia tangazo litaonekana wapi, lina sekunde ngapi, wala mtangazaji atasema nini. Hatuwezi kuchagua sura kabla ya maneno.

Dada_Saluni: Mimi nilitengeneza tangazo la saluni yangu kwa vipande vitatu, na kila kimoja niliandika "msichana mrembo, nywele zimesukwa". Katika cha kwanza alisukwa twende kilioni, katika cha pili alikuwa na rasta ndefu, na katika cha tatu hata uso ulikuwa wa mtu mwingine. Bei niliyoiandika kwa tarakimu aliisoma Kiingereza, na namba ya simu niliyotaka ionekane ukutani ikawa michirizi isiyosomeka. Wateja waliniuliza nimeajiri wasichana wangapi.

Kijana_wa_Teki: Andika kila kitu kwa Kiingereza, yataisha hayo.

Mhariri_Video: Maelezo ya picha, sawa, lakini maneno ya kutamkwa yabaki Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, na bei iandikwe kwa herufi. Namba ya simu iongezwe baadaye wakati wa kuhariri.

Matangi_Safi: Samahani, ni kwa ajili ya status ya WhatsApp, kipande kimoja cha sekunde 8.

Mhariri_Video: Basi una nafasi ya maneno kama kumi na tano, la sivyo atasema mbiombio au atakatwa katikati. "Huduma zote" haziingii humo. Ningeandika hivi: "Fundi wa katuni, miaka hamsini, ndevu fupi zenye mvi, ovaroli ya bluu. Amesimama uani kushoto kwa tangi jeusi, asubuhi. Kamera imetulia, anaonekana kuanzia kiunoni. Anagonga tangi mara moja kwa mkono wa kulia, kisha anaushusha. Sauti nzito, ya upole, lafudhi ya Dar es Salaam. Anasema: 'Je, chini ya tangi lako pana tope? Tunaliosha na kulisuuza, unalitumia siku hiyo hiyo.'" Ishara iwe moja tu, kwa sababu mikono inayopungwa ovyo ndiyo huota vidole vya ziada. Ukiongeza vipande, nakili maelezo ya sura neno kwa neno, au anza na picha ile ile.

Bi_Kisauni: Lafudhi ya Dar kwa nini? Kama wateja wako Mombasa, watamwona mgeni.

Dada_Saluni: Tena anayemfungulia fundi geti mara nyingi ni mama wa nyumba. Mimi ningemweka mwanamke, ila avae ovaroli.

Matangi_Safi: Niko Tanga, na simu hupokea mke wangu. Je, nikirekodi sauti yake mwenyewe, midomo ya katuni itaifuata?

Kijana_wa_Teki: Itaifuata vizuri kabisa.

Mhariri_Video: Inategemea kama programu unayolipia inapokea sauti kabla ya kutengeneza picha. Ukiibandika baadaye, midomo itaachana na maneno. Ni programu gani?