Naomba ushauri: kugeuza picha ya orodha ya kazi kuwa ratiba ya siku

Habari wanajamvi. Usiku huandika kazi za kesho haraka haraka kwenye karatasi na kuipiga picha, asubuhi nazipanga kwa saa. Jana zilikuwa 9. Ripoti ya kuwasilisha saa 8 mchana niliitanguliza, saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Ikaisha saa 5 na nusu, simu zote zikasogea jioni na watu wawili sikuwapata. Baadaye niliona "ripoti" ilificha kazi tatu: kukusanya takwimu, kuandika na kuhakiki. Nazivunja sasa kabla ya kukadiria. Je, niongeze nusu ya muda kwa kila kazi, au niache saa nzima tupu mchana? Inaniumiza kweli kuwaangusha watu.